Faili Dogo, Ukurasa Mzito: Kwa Nini Kivinjari Huishiwa Kumbukumbu

Umejaza fomu ndefu mtandaoni, umefika kwenye viambatisho, ghafla ukurasa wote unatoweka. Ukitumia Chrome, mahali pake panatokea picha ya faili lenye uso wa huzuni na maneno *Aw, Snap!* Ukitumia Firefox, unaambiwa *Gah. Your tab just crashed.* Majina, namba na tarehe ulizoandika kwa nusu saa hazipo tena. Watu wengi hapo hulaumu mtandao. Wanahamisha simu karibu na dirisha, wananunua bando jipya, wanabonyeza *Reload* na kuanza upya, kisha wanaangukia palepale.

Chini ya ujumbe huo, kwa maandishi madogo yaliyopauka, Chrome huandika sababu. Kama pameandikwa *Error code: Out of Memory*, basi mtandao hauna kosa lolote. Ukurasa umeomba kumbukumbu ya kompyuta ukanyimwa, na programu iliyokuwa ikiuendesha ikafa. Kama pameandikwa kitu kingine, kwa mfano *STATUS_ACCESS_VIOLATION*, chanzo chaweza kuwa tofauti kabisa: kivinjari kilichoharibika, antivairasi inayoingilia kati, au hata kipande kibovu cha RAM. Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote, soma mstari ule mdogo, au upige picha kwa simu. Hakuna fundi atakayekusaidia vizuri bila kuuona.

Tujue kwanza ni nini hasa kilichokufa. Zamani kivinjari kizima kilikuwa programu moja, na ukurasa mmoja ukiharibika vyote vilivyofunguliwa vilizimika pamoja nao. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na mpango mwingine: vichupo vinaendeshwa na michakato tofauti ndani ya kompyuta, kila mmoja na fungu lake la kumbukumbu. Mmoja ukifa, mingine inaendelea kama kawaida. Mwaka 2018, baada ya kugunduliwa udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre, Chrome iliongeza utengano huo hata kwa vipande vya tovuti mbalimbali vilivyomo ndani ya ukurasa mmoja, ili tovuti moja isichungulie siri za nyingine. Google yenyewe ilikiri kwamba ulinzi huo ungeongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Usalama huo unalipiwa kwa RAM, na kwa maoni yangu ni malipo yanayostahili, lakini mwenye kompyuta ya GB 4 anayasikia zaidi kuliko mwenye GB 16.

Sasa swali ni nani aliyeimaliza kumbukumbu hiyo. Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinafundisha jambo ambalo watu wengi hawalitarajii.

Dada mmoja anaendesha steshenari karibu na stendi ya mabasi. Ana kompyuta ya Windows yenye RAM ya GB 4, printa, na skana ya kulaza karatasi. Kazi yake kubwa ni kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Kulikuwa na tovuti moja iliyokuwa ikimsumbua: inataka viambatisho sita, yaani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho na barua kadhaa, kila kimoja kikiwa picha isiyozidi MB 1. Ukipakia picha, ukurasa unakuonyesha na kukuruhusu kuigeuza na kukata kingo. Ikifika ya nne au ya tano, ukurasa unaanguka.

"Kaka, mimi nimeshafanya yote," aliniambia. "Nimefuta historia, nimebadilisha laini, nimezima na kuwasha. Na faili zangu zote ni ndogo, kila moja iko chini ya MB moja. Sita haziwezi kuijaza kompyuta."

Hesabu yake ilikuwa na mantiki, na ndiyo hesabu ambayo karibu kila mtu angeifanya. Kisha akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo lililofungua fundo. Wateja wanaokuja na picha za vyeti walizotumiwa kwa WhatsApp, alisema, maombi yao yanapita bila shida. Wanaokwama ni wale anaowaskania yeye mwenyewe, kwa uangalifu, kwa ubora wa juu kabisa.

Skana yake ilikuwa imewekwa kwenye dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 ikiskaniwa hivyo hutoa picha yenye upana wa pikseli 4,960 na urefu wa pikseli 7,016. Zidisha, unapata karibu pikseli milioni 34.8. Picha ya namna hiyo kwa kawaida huwa nzito, kwa hiyo alikuwa akiipitisha kwenye programu ya kuibana hadi ishuke chini ya MB 1, kama tovuti ilivyotaka. Faili likawa dogo kweli. Lakini pikseli zilibaki zilezile milioni 34.8.

Hapa ndipo penye mtego. Faili la JPEG ni kama turubai la shughuli lililokunjwa: mtu mmoja analibeba begani, lakini likitandazwa linafunika uwanja mzima, na kulikunja kwa nguvu zaidi hakupunguzi uwanja litakaoufunika. Kivinjari hakiwezi kuonyesha picha ikiwa imebanwa. Lazima kiifungue, na ikishafunguliwa kila pikseli huchukua baiti nne: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, na moja ya kueleza kama nukta hiyo inapitisha mwanga au la. Pikseli milioni 34.8 mara nne ni takriban MB 139, kwa cheti kimoja. Na ikiwa ukurasa unakuruhusu kuigeuza picha na kuikata, mara nyingi huweka nakala ya awali na nakala iliyogeuzwa. Hapo ni MB 278. Vyeti vinne vinavuka GB 1.1, na cha tano kinaisogeza hesabu karibu na GB 1.4, kwenye kompyuta ambayo Windows, antivairasi na programu nyingine zimeshakula zaidi ya nusu ya GB 4.

Picha za WhatsApp zilipita kwa sababu hiyohiyo. WhatsApp, ukituma picha kwa njia ya kawaida, haiibani tu bali huipunguza pikseli. Picha ya pikseli 1,200 kwa 1,600 ikifunguliwa haifiki MB 8. Sita za namna hiyo, hata zikiwa na nakala mbili mbili, ni chini ya MB 100. Faili la WhatsApp na faili la skana yaweza kuwa na uzito unaokaribiana kwenye diski, lakini ndani ya kumbukumbu moja ni zito karibu mara kumi na nane kuliko jingine.

Sikutaka aniamini kwa maneno, kwa hiyo tuliitazama ikitokea. Chrome ina dirisha lake la kuonyesha nani anakula nini, na ni tofauti na lile la Windows. Linaitwa *Task Manager*, na kwenye kompyuta ya Windows hufunguka kwa kubonyeza Shift na Esc kwa pamoja ukiwa ndani ya Chrome. Kila kichupo kina mstari wake, kila kiendelezi kina wake. Safu inayohitajika ni *Memory footprint*, na ukibofya kichwa chake mistari inajipanga kuanzia mlaji mkubwa. Namba zake huandikwa kwa kilobaiti na kuishia na K, kwa hiyo 150,000K ni takriban MB 150. Kisha bofya kwa kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu na uongeze nyingine inayoitwa *JavaScript memory*. Safu hizi mbili zikisomwa pamoja hutoa karibu jibu lote.

Tuliuacha mstari wa ukurasa wa maombi ukionekana pembeni, tukapakia cheti cha kwanza. *Memory footprint* ikaruka kwa karibu MB 140. Tukakigeuza, ikaruka tena kwa kiasi kilekile. Cheti cha pili kikafanya hivyohivyo. Muda wote huo *JavaScript memory* ilibaki makumi machache tu ya MB, haikusogea kwa maana yoyote. Hiyo ndiyo alama ya picha. Safu ya pili inahesabu data inayoshughulikiwa na programu ya ukurasa wenyewe, yaani orodha, maandishi na mahesabu, na picha zilizofunguliwa hazimo humo. Ya kwanza ikipanda na ya pili ikatulia, tafuta picha, video au vitu vinavyochorwa. Zikipanda zote mbili pamoja, programu ya ukurasa ndiyo inayolimbikiza mambo. Kwenye kompyuta nyingine sehemu ya mzigo wa picha huonekana kwenye mstari wa *GPU Process*, kwa hiyo utupie jicho huko pia.

Dawa ilikuwa kuibadilisha skana kutoka dpi 600 kwenda 200. Kwa cheti kilichochapwa kwa herufi za kawaida, dpi 200 inasomeka vizuri, mhuri unaonekana na saini inaonekana. Picha inakuwa na pikseli 1,654 kwa 2,339, na ikifunguliwa inachukua MB 15.5, yaani sehemu moja ya tisa ya ile ya mwanzo. Unapopunguza upana kuwa theluthi na urefu kuwa theluthi, eneo linakuwa moja ya tisa, ndiyo maana punguzo ni kubwa kuliko namba ya dpi inavyodokeza. Vyeti vilivyokuwa vimeshaskaniwa tulivifungua kwenye Paint, tukaenda kwenye *Resize*, tukaweka asilimia 33. Maombi ya siku ile yalipita, na mstari wa ukurasa haukuvuka MB 400.

Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kuskani kwa rangi nyeusi na nyeupe akitumaini picha itakuwa nyepesi. Faili lilipungua, anguko likabaki palepale. Sababu ni kwamba sehemu ya ukurasa inayochora picha kwa ajili ya kuigeuza na kuikata hutumia baiti nne kwa kila pikseli bila kujali kama picha ina rangi au ya kijivu tupu. Kitu pekee kinachopunguza mzigo ni idadi ya pikseli. Ukitaka kuiona kabla ya kupakia, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua *Properties*, kisha *Details*, utafute *Dimensions*. Zidisha namba mbili utakazoziona, zidisha tena kwa nne, na umeshajua uzito wa kweli wa picha hiyo ndani ya kivinjari.

Wanaotengeneza tovuti za maombi nawaomba walifikirie hili. Kikomo cha MB 1 kwa faili kinailinda seva yao, hakimlindi mwombaji. Ukurasa unaweza kuipunguza picha mara tu inapopakiwa, ukaitupa ile kubwa, ukabaki na ndogo ya kuonyesha. Ni kazi ya mistari michache ya msimbo, nayo ingewaokoa maelfu ya watu wenye kompyuta za kawaida. Pale ambapo haijafanywa, mwenye fomu anapaswa angalau kuandika ukubwa wa picha kwa pikseli, na si kwa MB peke yake.

Si kila anguko linatokana na picha, na hapa viendelezi vinaingia. Kiendelezi ni programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari: ya kuzuia matangazo, ya kusahihisha sarufi, ya kupakua video, ya kutafuta bei nafuu. Katika *Task Manager* utaiona mistari inayoanza na neno *Extension*, na namba zake mara nyingi si za kutisha. Watu huziangalia, wakaridhika, wakaviondoa viendelezi kwenye orodha ya washukiwa. Wanakosea, kwa sababu mstari ule unaonyesha nusu ya mambo. Viendelezi vingi huingiza msimbo wao ndani ya kila ukurasa unaoufungua, na kumbukumbu inayotumika huko huhesabiwa kwenye mstari wa ukurasa, si wa kiendelezi. Kisahihisha sarufi kinachosoma kila kisanduku unachoandika kinaweza kuufanya ukurasa wa fomu uonekane mzito ilhali ukurasa wenyewe hauna hatia. Ukiwa na vichupo ishirini, mzigo huo unarudiwa mara ishirini.

Namna ya kupima ni rahisi. Bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja ili ufungue dirisha fiche, ufungue ukurasa uleule na kufanya kazi ileile iliyouangusha. Katika dirisha hilo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa vile ulivyoviruhusu wewe mwenyewe. Ukurasa ukisimama imara humo na kuanguka kwenye dirisha la kawaida, nenda `chrome://extensions`, uvizime vyote, kisha uwashe kimoja kimoja ukiujaribu ukurasa kila mara. Usikimbilie kukiondoa kizuia matangazo. Chenyewe kina uzito, lakini kwenye tovuti za habari na za matokeo ya mpira zilizojaa matangazo ya video, kinachozuiwa mara nyingi ni kizito zaidi kuliko kinachozuia. Fungua ukurasa huo kinapofanya kazi, ufungue tena kikiwa kimezimwa, na ulinganishe *Memory footprint*.

Zipo pia kurasa zinazovimba zenyewe. Unaufungua asubuhi ukiwa na MB 200, mchana una MB 900, na wewe hukuugusa. Hizi ni kurasa zinazojisasisha kila sekunde chache, za mazungumzo, za bei, za matokeo, ambazo programu yake inaendelea kushikilia vitu vilivyokwishapita. Kivinjari kina kazi ya kudumu ya kufagia kumbukumbu isiyotumika tena, lakini hakiwezi kufagia kitu ambacho ukurasa bado umekishika. Hapa *JavaScript memory* ndiyo itakayopanda. Nayo ina ukomo: hata kwenye kompyuta yenye RAM tele, Chrome haiuruhusu ukurasa mmoja kulimbikiza data ya JavaScript zaidi ya takriban GB 4, na kwenye mashine ndogo ukomo huo huwekwa chini zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye kompyuta ya GB 32 anaweza kuambiwa kumbukumbu imeisha huku RAM yake ikiwa nusu tupu. Mtumiaji hana dawa ya kudumu ya kurasa za namna hii. Kilichobaki ni kuupakia upya ukurasa kila baada ya saa kadhaa, kwa wakati unaouchagua wewe, kabla haujaanguka kwa wakati wake.

Ukiona vichupo tofauti vinaanguka kwa zamu, leo hiki kesho kile, na kompyuta nzima inakuwa nzito, basi acha kuulaumu ukurasa. Hapo ni mashine. Na kabla hujatoa pesa ya RAM, angalia diski C. Windows inapokaribia kuimaliza RAM hutumia sehemu ya diski kuwa kumbukumbu ya ziada, na sehemu hiyo inahitaji nafasi ya kutanukia. Diski ikiwa imejaa filamu na nakala za kazi za wateja, haina pa kutanukia, na programu zinanyimwa kumbukumbu mapema kuliko ilivyopasa. Nimeona kompyuta za steshenari zenye nafasi chini ya GB 1 kwenye diski C. Kuhamishia mafaili kwenye diski ya nje hadi ipatikane GB 15 au 20 ya wazi kunaweza kumaliza maanguko bila kununua chochote.

Jambo jingine la kuangalia ni kama kivinjari chako ni cha biti 32. Andika `chrome://version` kwenye upau wa anwani, na mstari wa kwanza utakuambia *32-bit* au *64-bit*. Kwenye Windows ya biti 32 kila mchakato kwa kawaida una ukomo wa GB 2 za anwani za kumbukumbu, hata RAM iwe kiasi gani, na ukurasa wenye vyeti vya dpi 600 unaweza kuugota ukomo huo mapema. Kompyuta nyingi za mitumba ziliwekewa Windows ya biti 32 ingawa prosesa yake inakubali 64. Fundi akiweka ya 64, ukuta huo unaondoka, ingawa RAM yenyewe haiongezeki.

Chrome ya siku hizi ina mpango wa kuokoa kumbukumbu uitwao *Memory Saver*, unaopatikana `chrome://settings/performance`. Kichupo usichokigusa kwa muda kinaondolewa kwenye kumbukumbu, jina lake linabaki juu, na ukikirudia kinapakiwa upya. Watu huchanganya jambo hili na kuanguka, lakini ni tofauti: hapa hakuna ujumbe wa huzuni, ukurasa unaanza tu upya. Kwenye kompyuta ya GB 4 ningeuwasha bila kusita. Chrome hujitahidi kutogusa vichupo vinavyocheza sauti, vinavyopakua kitu, vilivyobandikwa, au vyenye fomu iliyojazwa nusu. Sehemu hiyohiyo ina orodha ya tovuti zisizoguswa kamwe, na ukurasa wa maombi unaofanya nao kazi kila siku unastahili kuwemo.

Kwenye simu mambo ni makali zaidi, kwa sababu simu haisubiri hadi kumbukumbu iishe. Android huzipanga programu kwa umuhimu, na iliyo mbele ya macho yako ndiyo ya kwanza kulindwa. Ukitoka kwenye kivinjari kwenda kamera, kivinjari kinashuka daraja, na kamera ni miongoni mwa programu zinazodai kumbukumbu nyingi kwa mkupuo. Simu yenye RAM ya GB 2 au 3 inakiua kivinjari ili kuipa kamera nafasi. Unapiga picha ya kitambulisho, unarudi, na fomu ni tupu. Hukuambiwa lolote, na huenda hutaona hata neno la kosa. Programu zinazojigamba kusafisha RAM hazisaidii hapa. Nyingi huzifunga programu za nyuma, na kivinjari chako chenye fomu ni mojawapo ya hizo. Kufuta picha na video kwenye simu nako hakuongezi RAM, kwa sababu picha hizo zimekaa kwenye hifadhi, mahali pengine kabisa.

Ukilazimika kujaza fomu kwa simu, fuata mpangilio. Piga picha zote kwanza, kabla ya kuufungua ukurasa, na wakati wa kupakia chagua picha kwenye matunzio badala ya kufungua kamera kutoka ndani ya fomu. Kama kamera yako ina chaguo la megapikseli 50, liache. Picha moja ya namna hiyo ikifunguliwa ni MB 200, ilhali ya megapikseli 12 ni MB 48. Funga vichupo vingine na programu nyingine kabla ya kuanza. Namba za vitambulisho ziwe zimeandikwa kwenye karatasi pembeni yako, usiende kuzitafuta kwenye programu nyingine katikati ya kazi. Na ujumbe wa namba ya uthibitisho ukiingia, vuta pazia la arifa kutoka juu ya kioo uisome hapohapo, bila kufungua ujumbe wenyewe, kwa sababu kulivuta pazia hakukitoi kivinjari mbele.